Maji yanapowasha taa

Transista ni swichi isiyohitaji kidole. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataliona hilo upesi akitengeneza taa ya kuonya kwamba ndoo imejaa.

Chukua bredibodi, betri ya volti 9, taa ya LED na transista BC547. Ukiielekeza bapa yake kwako, miguu ikiwa chini, kushoto ni kolekta, kati besi, kulia emita. Emita iende hasi. Kutoka chanya pitia rezista ya omu 470, kisha LED, mguu mrefu ukielekea chanya, hadi kolekta. Besi ipewe rezista ya omu 10,000 yenye waya mrefu. Waya wa pili utoke chanya. Ning'iniza ncha zote mbili karibu na ukingo wa ndoo.

Maji ya bomba yakizigusa, mkondo mdogo sana huingia kwenye besi, na transista huruhusu takriban miliampea 15 zipite kwenye LED. Ikiwaka hafifu, huenda umebadilisha kolekta na emita, au maji ni ya mvua, yenye chumvi kidogo mno. Tia chumvi kidogo ujaribu tena.

Usiruke rezista ya besi: ncha zikigusana bila hiyo, transista huungua.