Kirikuu, Townace au Canter? Hesabu ya Duka la Saruji Makambako

Kirikuu inayotoka Japani mara nyingi hufika na maandishi madogo ya Kijapani kwenye mlango wa nyuma wa bodi. Wengi huyabandua au kuyapiga rangi kabla gari halijaanza kazi. Herufi zake hazisomeki kwa mnunuzi wa kawaida, lakini tarakimu zinasomeka vizuri: 350 kg. Huo ndio mzigo wa juu kabisa ambao gari limeundwa kuubeba. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, maana yake ni mifuko saba ya saruji ya kilo 50.

Barabarani mambo ni mengine. Kirikuu yenye mifuko 15 ni ya kawaida katika miji mingi ya Tanzania, na yenye 20, yaani tani nzima, haimshangazi mtu. Gari linaondoka, linafika, na mwenye duka anajihesabia kwamba amepata gari linalonusa mafuta tu huku likibeba kama lori. Hesabu hiyo ina matundu, na matundu yenyewe huonekana baada ya miezi kadhaa, gereji.

Chukua Makambako, mji ulioko pale barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inapokutana na ile ya Njombe na Songea. Mji unajengwa, na duka la vifaa vya ujenzi la ukubwa wa kati linauza saruji, nondo, mabati na misumari kutwa nzima. Mteja anataka mzigo umfuate hadi kiwanjani. Mwenye duka, aliyekuwa akikodi gari kila mara, sasa anataka la kwake. Machaguo yaliyoko mbele yake ni matatu: kirikuu, yaani Suzuki Carry na ndugu zake wenye injini ya sisi 660, gari la kati kama Toyota Townace au Mazda Bongo ya mizigo, ambazo nyingi zimeandikiwa kati ya kilo 750 na 1000, na Mitsubishi Canter ya tani mbili, yenye injini ya dizeli inayozidi lita tatu au nne.

Swali ambalo kila mtu huliuliza kwanza ni gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Kwa biashara ya kusambaza mzigo, swali hilo peke yake linapotosha. Tuseme kirikuu, kwa safari za kwenda na mzigo na kurudi tupu, inapata kilomita 12 kwa lita, Townace inapata 10, na Canter inapata 7. Kwa kipimo hicho Canter ndiyo mlaji. Lakini mteja halipii kilomita, analipia mfuko uliofika. Kinachotakiwa kujulikana ni kila mfuko umekula mafuta kiasi gani.

Kiwanja kiko kilomita tano kutoka dukani, kwenda na kurudi kumi. Kirikuu inatumia kama lita 0.8 kwa safari hiyo, Townace lita moja, Canter lita 1.4. Oda ikiwa ya mifuko saba, kirikuu inashinda bila ubishi. Oda ikifika mifuko minane, kirikuu inayoheshimu uzito wake lazima irudi mara ya pili, na safari mbili zinakula lita 1.7, kuzidi Canter iliyokwenda mara moja. Ikiwa mteja anamwaga msingi na anataka mifuko 40, Canter inaimaliza kwa safari moja ya lita 1.4. Kirikuu inahitaji safari sita na lita tano.

Mpaka kati ya magari haya umechorwa na safari ya pili zaidi kuliko ukubwa wa injini. Mpaka huo uko wapi kwa duka fulani, hakuna muuza magari anayeweza kumwambia mwenye duka. Uko kwenye daftari lake la mauzo.

Ndiyo maana kazi ya kwanza, kabla ya kwenda kutazama gari lolote, ni kuandika kwa mwezi mzima kila mzigo unaotoka dukani: uzito wake, umbali wake, na kama una kitu kirefu. Tuseme daftari la duka letu linaonyesha oda 100. Sabini ni za mifuko saba au pungufu, 20 ni za mifuko minane hadi 14, na kumi ni zile kubwa za mifuko 40, zote ndani ya zile kilomita tano. Kirikuu itamaliza mwezi kwa lita kama 142. Canter, lita 143. Zimelingana, jambo ambalo wengi hawalitarajii, ila kirikuu imekwenda safari 170 na Canter 100 tu. Townace, inayobeba mifuko 15 kwa safari moja, itamaliza kwa lita 120 na safari 120. Gari la katikati, ambalo halisifiwi kwa kunusa mafuta wala kwa ubavu, limewapita wenzake wote wawili.

Kuna njia ya nne. Mwenye duka ananunua kirikuu kwa ajili ya zile oda 90 ndogo na za kati, ambazo zitakula lita 92 hivi, na zile kumi kubwa anazikodia Canter ya mtu. Mteja anayenunua mifuko 40 kwa kawaida hakatai kulipia usafiri kando, mradi aambiwe mapema. Njia hii inafaa pale ambapo Canter za kukodi zinapatikana siku ileile. Zikiwa za kusubiri, oda kubwa zitahamia kwa jirani.

Sasa turudi kwenye ile kirikuu ya mifuko 20, kwa sababu hapo ndipo pesa inapopotelea. Mzigo ukizidi karibu mara tatu, injini ndogo inalazimika kupandishwa mizunguko na dereva anakaa kwenye gia ndogo muda mrefu. Makambako iko zaidi ya mita 1600 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwenye vilima vya upande wa Njombe, gari linalopata kilomita 12 kwa lita likiwa na mzigo wake halali haliwezi kubaki hapo likiwa na tani nzima. Klachi inaungua na tairi za nyuma zinakwisha haraka. Breki zilizoundwa kusimamisha gari la tani moja na ushei, mzigo ukiwemo, sasa zinatakiwa kusimamisha karibu tani mbili kwenye mteremko.

Mnunuzi wa gari lililokwisha kutumika nchini anaweza kuyasoma maisha hayo kwa macho. Ainame atazame springi za nyuma gari likiwa tupu: zinapaswa kuwa na upinde, na zikiwa zimelala kama rula, zimechoka. Atazame raba zinazozuia ekseli isigonge chasisi. Zikiwa zimepasuka au zimekwisha, zimegongwa mara nyingi. Ahesabu pia kama springi zimeongezwa. Mafundi huongeza kwa ustadi, na gari linasimama vizuri likipakiwa, lakini ekseli, beringi, breki na chasisi vimebaki vilevile. Springi za kuongeza zinaficha uzito, haziubebi.

Uzito halali wenyewe unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Japani huhesabu uzito wa gari tupu, kisha kilo 55 kwa kila anayekaa ndani, kisha mzigo. Kirikuu ya kilo 700 yenye viti viwili inakuwa 700, jumlisha 110, jumlisha 350, sawa na kilo 1160. Hiyo ndiyo jumla isiyopaswa kuzidi. Mwenye gari akichomelea bodi ya chuma yenye kilo 80, mzigo unashuka hadi 270, yaani mifuko mitano. Wapakiaji wawili wakipanda juu ya mzigo, jambo la hatari kwao, wamekula nafasi ya mifuko mingine miwili au mitatu.

Canter ina jambo lake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inahusu magari ya kuanzia kilo 3500 kwa uzito wa jumla, na Canter ya tani mbili ikipakiwa inavuka hapo. Ikitoka barabara kuu, itaingia mizani, na Makambako ina mizani yake. Kirikuu na Townace hazifiki kiwango hicho. Kwa duka linalosambaza mitaani tu tofauti hiyo ni ndogo, lakini ni muda wa kuhesabu kwa anayepeleka mzigo nje ya mji.

Urefu wa bodi nao unaweza kuamua kabla ya uzito. Bodi ya kirikuu haifiki mita mbili. Bati la mita tatu linaning'inia nyuma zaidi ya mita nzima, na nondo, ambayo huuzwa ikiwa na mita 12, hata ikikunjwa katikati ni mita sita. Duka ambalo nusu ya oda zake ni mabati halina haja ya kubishana sana kuhusu lita.

Takwimu za kilomita kwa lita zilizotumika hapa ni za mfano, na kila gari kuukuu lina tabia yake. Kuipima si kazi ngumu: tenki linajazwa hadi pampu ikate yenyewe, kilomita zinaandikwa, gari linafanya kazi ya wiki nzima, kisha linajazwa tena kwenye pampu ileile. Kilomita zilizokwenda zinagawanywa kwa lita zilizoingia safari hii ya pili. Kirikuu yenye kuvuta tairi zote nne ipimwe ikiwa imezimwa kitufe hicho, maana kwenye lami hakina kazi isipokuwa kula tairi na mafuta. Kwa kuwa petroli na dizeli zina bei tofauti, na EWURA hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hesabu ifanywe kwa lita kwanza na shilingi zije mwisho.

Jambo linaloweza kupindua haya yote ni umbali. Zile oda kumi kubwa zikiwa za vijijini, kilomita 30 kutoka dukani, Canter itazimaliza kwa lita kama 86. Townace itahitaji 180 na kirikuu 300. Mwezi mzima wa Canter unakuwa lita 214 dhidi ya 270 za Townace, na gari lililoshinda mjini limeshindwa. Mwenye duka ambaye wateja wake wa shamba wanaongezeka kila msimu wa mavuno ana sababu ya kulifungua daftari lake upya kabla ya kulipa malipo ya awali.