Je, Wajua? Baiti 24 za Ziada

Je, wajua kwamba Novemba 1988 mnyoo wa kompyuta ulioandikwa na Robert Morris uliingia katika mashine za VAX kwa kutuma baiti 536 mahali palipotengewa 512? Programu ya `fingerd` ilisoma ujumbe kwa `gets`, fanksheni ya C isiyoulizia kamwe ukubwa wa nafasi iliyopo. Kiini cha kosa, naona, kiko kwenye lugha yenyewe: C haibebi urefu wa safu pamoja na safu, hivyo hakuna wa kukagua. Ziada ilimwagikia staki, sehemu ya kumbukumbu ambamo, jirani na data hizo, hukaa anwani ya kurudi, yaani mahali programu itakapoendelea fanksheni ikimaliza. Anwani hiyo ilibadilishwa ielekee kwenye maagizo ya mvamizi, yaliyokuwa ndani ya ujumbe uleule.

Miongoni mwa kinga dhidi ya shambulio la aina hii ni kanari, namba ya nasibu inayowekwa kati ya data na anwani ya kurudi. Fanksheni huikagua kabla ya kurudi, na ikikuta imebadilika, programu husimamishwa. Staki isiyotekelezeka, kwa upande wake, hufanya prosesa ikatae kuendesha maagizo yaliyomo humo. Mtu atauliza: si kinga hii ya pili ingetosha? Haitoshi. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba mvamizi anaweza kuielekeza anwani kwenye maktaba ya C iliyokwisha kupakiwa, bila kuleta agizo lake hata moja. Hapo kanari ingemnasa. Ila namba yake ikivuja kupitia hitilafu nyingine, ataiandika tena vilevile ilivyokuwa, na ukaguzi utapita.