Ukisubiri Dola Ifike 165

Mwishoni mwa Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa kwenye 123 hivi, na tangu hapo ilikuwa ikipanda karibu kila wiki. Mkenya aliyeko Dallas au Boston, mwenye akiba ya dola na kiwanja cha kulipia nyumbani, alikuwa na kila sababu ya kuona kwamba haraka haina baraka. 165 ilionekana iko karibu. Katika vikundi vya WhatsApp hata 200 ilikuwa ikitajwa, tena kwa uhakika mkubwa.

Mtu wa namna hii ana njia mbili za kusubiri bila kukaa akitazama simu kutwa. Ya kwanza ni arifa ya kiwango. Unaiambia programu ya kampuni ya kutuma fedha kwamba dola ikifika 165 ikujulishe, nayo inakutumia ujumbe au barua pepe siku hiyo ikifika. Kazi yake inaishia hapo. Haibadilishi hata senti moja, na ujumbe ukiingia saa tisa usiku umelala, asubuhi unaweza kukuta dola imesharudi 163.

Ya pili ni oda ya bei lengwa, ambayo kwenye skrini nyingi huandikwa Limit order. Hapa unatoa maagizo kabisa: badilisha dola zangu kiasi fulani pindi kiwango kikifika 165. Kikifika, kampuni inabadilisha papo hapo, uwe macho au usiwe. Aghalabu unatakiwa kuwa umeshaweka fedha kwenye akaunti, au umekubali kwamba oda ikitimia unadaiwa kuzileta. Kabla haijatimia unaweza kuifuta. Ikishatimia ni mkataba, huwezi kusema umebadili nia kwa kuwa kesho yake dola imefika 166. Oda hizi hupatikana kirahisi zaidi kwa sarafu zinazouzwa sana duniani, kama dola, yuro na pauni. Kwa shilingi zetu, mara nyingi utakachopata ni arifa tu, na kazi ya kubonyeza inabaki kwako.

Tuseme basi una dola 20,000. Kwa 160 ni shilingi 3,200,000. Kwa 165 ni 3,300,000. Unachokisubiri, ukikiandika kwa tarakimu, ni shilingi 100,000. Si pesa ndogo, inanunua mifuko mingi ya saruji.

Kilichotokea ni hiki. Dola ilikuwa imepanda kwa sababu kadhaa, lakini hofu kubwa ilikuwa deni la hatifungani la dola bilioni 2 ambalo Kenya ilipaswa kulilipa Juni 2024. Watu na makampuni walikuwa wamezishikilia dola zao wakihofia kwamba serikali itashindwa. Mapema Februari Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 12.5 hadi 13. Kisha serikali ikapata dola bilioni 1.5 kwa kuuza hatifungani mpya nje, ikaanza kulinunua lile deni la zamani kabla ya siku yake. Mwezi huohuo ikauza ndani hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, na wawekezaji wa nje wakaja na dola zao kuigombea. Waliokuwa wameficha dola nao wakazitoa. Katikati ya Februari dola ilishapita 155 ikishuka. Kufikia Aprili ilikuwa kwenye 130 hivi.

Kwa 130, dola zako 20,000 ni shilingi 2,600,000. Ukifukuza laki moja, umepoteza laki sita.

Na arifa yako ya 165? Haikulia hata mara moja. Hapa ndipo penye hatari yenyewe, kwa sababu ukimya wa simu unakufanya uone kama hakuna linaloendelea. Oda ya bei lengwa inatazama upande mmoja tu, ule unaoutamani. Kiwango kikikimbilia upande wa pili, inakaa palepale kimya hadi muda wake uishe, na kampuni haikudai maelezo. Kila kinapozidi kushuka, nacho kile 160 ulichokikataa kinageuka kuwa lengo jipya: kikirudi tu 160, nabadilisha. Baadaye 150. Baadaye 140.

Kwa maoni yangu, anayeweka arifa moja tu angeiweka ya chini. Katika hesabu yetu, arifa ya 155 ingelia katikati ya Februari, ukabadilisha kwa shilingi 3,100,000. Ungekuwa umekosa laki moja, yaani kiasi kilekile ulichokuwa ukikitafuta. Hasara ya namna hiyo mtu anaibeba. Kampuni nyingine zina oda ya kuzuia hasara inayofanya hivyo yenyewe, ingawa ina kasoro yake: soko la fedha hufungwa Ijumaa jioni kwa saa za New York na kufunguliwa Jumapili jioni, na likifunguka na kiwango kilichoruka chini, oda yako ya 155 inaweza kutimizwa kwa 152.

Kuna mtego mwingine mdogo unaowaudhi wengi. Kiwango kinachofuatiliwa na arifa huwa ni kile cha kati, ambacho benki kubwa hutumia baina yao. Wewe unapewa kiwango cha mteja, baada ya kampuni kukata chake. Ikikata asilimia 1.5, basi 160 ya kwenye arifa inakuwa 157.6 mkononi, na kwa dola 20,000 tofauti ni shilingi 48,000. Karibu nusu ya ile laki uliyokuwa ukiingoja ingepatikana kwa kulinganisha makato ya kampuni mbili siku moja, bila kusubiri soko. Kwa hiyo kabla ya kuweka lengo, uliza linapimwa kwa kiwango kipi.

Mtu anaweza kusema kwamba kilichoshuka hupanda tena. Wakati mwingine ndiyo. Dola ilishuka vilevile Tanzania mwishoni mwa 2024, kutoka zaidi ya shilingi 2,700 hadi karibu 2,400 mnamo Desemba, na kufikia katikati ya 2025 ilikuwa imerudi karibu ilikotoka. Aliyesubiri Dar es Salaam akaokoka. Aliyesubiri kule Kenya alikuta dola imetulia kwenye 129 hivi, ikakaa hapo mwaka 2025 mzima. Wiki ya kwanza ya kushuka, hali hizi mbili zinafanana kabisa. Na mwenye kiwanja hatakungoja ujue ni ipi.

Kwa hiyo ukiwa na fedha ambazo zina kazi, ada ya chuo ya Septemba au malipo ya fundi, badilisha sehemu leo, nusu au zaidi. Iliyobaki iwekee lengo ambalo kiwango kimewahi kulikaribia katika miezi mitatu iliyopita, kisha iwekee kiwango cha chini, na tarehe. Tarehe hiyo iwe wiki moja kabla ya siku ya kulipa, kwa sababu fedha zenyewe zinaweza kuchukua siku kadhaa kufika benki. Ikifika na lengo halijatimia, badilisha kwa kiwango cha siku hiyo, na uifute ile oda ya zamani isije ikatimia mwezi ujao ukadaiwa dola ambazo umeshazituma.