Visingizio Vitatu na Ujumbe Mmoja

Saa 2:10 asubuhi, karani mpya wa masjala jijini Dar es Salaam anashtuka kitandani, kachelewa. Anaandika: "Nina malaria." Anafuta. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inataka cheti cha daktari ili siku ya ugonjwa ilipwe.

"Nimefiwa na bibi." Msiba huo sheria inautambua, lakini wenzake watachanga rambirambi, na bibi yu hai Korogwe.

"Foleni Ubungo." Dereva wa ofisi kapita hapo sasa hivi.

Mwishowe anatuma: "Shikamoo mama. Nilipitiwa na usingizi. Nitafika saa 4:00. Ufunguo wa kabati la mafaili anao mlinzi."

"Marahaba. Utafidia jioni."

Ni ujumbe huo pekee uliowezesha kabati kufunguliwa kabla hajafika.