Ujumbe Umefutwa, Bekapu Bado Inao

WhatsApp haina pipa la taka. Gmail inalo: barua iliyofutwa hukaa humo siku 30 kabla ya kuondolewa. Google Photos huziweka picha zilizofutwa siku 60 kama zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni, na siku 30 kama zilikuwa kwenye simu peke yake. Kwenye iPhone, ujumbe mfupi uliofutwa unaweza kurudishwa ndani ya siku 30, pengine hadi 40. Lakini WhatsApp, ambayo ndiyo inayobeba mazungumzo ya Wakenya wengi, humpa aliyejifutia ujumbe mwenyewe sekunde chache tu za kubadili mawazo. Zikipita, ujumbe umetoweka machoni pake, naye hudhani mambo yamekwisha.

Hayajakwisha, na inafaa kuufuata ujumbe mmoja hatua kwa hatua. Tuchukue mfano wa kubuni. Jumatatu saa tisa alasiri, mhudumu wa afya ya jamii kule Turi, katika eneo la Molo, anamwandikia muuguzi jina la mgonjwa na majibu ya kipimo chake cha kifua kikuu. Kwa haraka anagusa jina lisilo lenyewe, na ujumbe unaingia katika kundi la wakulima wa viazi. Hana habari hadi Jumanne saa nne asubuhi, jirani anapompigia.

Akichagua kujifutia peke yake, atakuwa ameharibu zaidi, kwa sababu ujumbe utaondoka kwake na kubaki kwa wengine wote. Anachohitaji ni kufuta kwa kila mtu. Nafasi hiyo ilipoanza mwaka 2017 ilikuwa dakika saba tu. Tangu Agosti 2022 ni kama siku mbili na saa 12. Kwa hiyo mhudumu wetu ana muda hadi saa tisa usiku wa kuamkia Alhamisi. Ukimpita, msimamizi wa kundi bado ana uwezo wa kuondoa ujumbe wa mwanachama.

Kinachotendeka hapo si kwamba kampuni inaingia katika simu za watu na kufuta. Simu ya mhudumu hutuma agizo, na kila simu iliyopokea ujumbe ule hulitekeleza yenyewe ikipata mtandao. Mkulima aliyezima data tangu Jumatatu mchana atakapoiwasha atapata tangazo tu kwamba ujumbe umefutwa. Aliyekwisha kuusoma, au kuupiga picha ya skrini, hapokonywi kitu. Na kwenye simu za Android kuanzia toleo la 11, mtu aliyewasha historia ya arifa anaweza kusoma maneno yaliyopita kwenye skrini yake kwa muda wa saa 24.

Kuna saa nyingine ambayo watu wachache huijua. Kila siku saa nane usiku, WhatsApp kwenye Android huandika bekapu ya mazungumzo yote ndani ya simu yenyewe, na simu hutunza mafaili ya hadi siku saba. Mhudumu wetu alifuta Jumanne saa nne asubuhi. Kufikia hapo, simu za wanakundi zilizokuwa zimewaka usiku zilikwisha kuandika faili lenye jina la mgonjwa na majibu yake. Agizo la kufuta husafisha mazungumzo yanayoonekana; faili la usiku haliligusi.

Kulifungua si jambo la wadukuzi. Utaratibu wake umeelezwa na WhatsApp wenyewe: mwenye simu hutafuta faili la siku anayoitaka, hulibadilisha jina, kisha huondoa programu na kuisakinisha upya. Faili lenye jina kama

```
msgstore-YYYY-MM-DD.1.db.crypt14
```

hugeuzwa kuwa

```
msgstore.db.crypt14
```

na mazungumzo hurudi yalivyokuwa usiku ule, ujumbe uliofutwa ukiwemo. Kinga ni moja: faili limefungwa kwa usimbaji, na huhitaji namba ileile ya simu kuthibitishwa. Mgeni aliyelinakili hapati kitu. Mwanakundi mwenyewe anapata.

Ndiyo maana muda wa kuhesabu si zile siku mbili na nusu. Kosa lililogunduliwa Jumatatu jioni lingefutwa kabla ya saa nane usiku, na kama hakuna aliyebonyeza bekapu kwa mkono, lisingeingia katika faili lolote. Kwa kuchelewa hadi asubuhi, ujumbe umepata takriban wiki nzima ya uhai, mpaka faili la Jumanne litakapopisha mapya.

Bekapu ya mtandaoni, ile inayokwenda Google, ina tabia tofauti. Hapo nakala ni moja, na kila mpya huifuta ya zamani. Anayehifadhi kila siku atakuwa ameondokana na ujumbe ule kufikia Jumatano. Lakini wengi wameiruhusu ipande kwa Wi-Fi peke yake, na kijijini Wi-Fi haipatikani kila siku. Nakala ya Jumanne inaweza kukaa huko wiki kadhaa, kisha ikarudi nzima mwenyewe anaponunua simu mpya.

Hata ndani ya simu, kufuta ni kazi ya daftari kwanza. Mazungumzo hukaa katika hifadhidata ya aina ya SQLite, na kwa kawaida kilichofutwa huandikiwa tu kwamba nafasi yake iko wazi, kama ghala la viazi ambalo karani amefuta jina la mwenye mzigo huku magunia yakiwa bado ndani. Maneno hubaki hadi mengine yaandikwe juu yake. Wataalamu wa uchunguzi wa simu hutegemea pengo hilo.

Kampuni kubwa nazo zina madirisha yao. Google husema kufuta data katika mifumo yake kwa kawaida huchukua kama miezi miwili, na katika bekapu hadi miezi sita. WhatsApp husema akaunti iliyofutwa huweza kuchukua siku 90. Sababu yake ni kwamba bekapu hutengenezwa ili isibadilishwe ovyo, la sivyo haitafaa siku mitambo ikiungua. Kwa hiyo husubiriwa izeeke na kupishwa.

Zahanati yenye kompyuta yake hukutana na tatizo hilohilo kwa udogo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kuomba data isiyostahili kutunzwa ifutwe, na kanuni za 2021 zinataka ombi lijibiwe ndani ya siku 14. Zahanati ikifuta leo, kisha kompyuta ikaharibika na kurudishiwa bekapu ya mwezi uliopita, taarifa zile zinafufuka. Dawa ni kutunza orodha ya namba za rekodi zilizofutwa, bila yaliyomo, na kuzifuta tena kila bekapu inaporudishwa.

Njia iliyo karibu zaidi na kufuta kweli ni kuharibu ufunguo. Simu zilizotoka na Android 10 kwenda mbele husimba data zake, na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hutupa ufunguo, hata kilichobaki ndani kisisomeke. Memori kadi ya kawaida haina ulinzi huo: programu ya bure iitwayo PhotoRec hurudisha picha zilizofutwa humo. Anayeuza simu yake mjini Molo airudishe katika hali ya kiwandani, na memori kadi asiiuze kabisa.