Nani Anatembea Darini?

Picha iliyopigwa gizani darini mara nyingi hunasa mkia tu, nao unatosha kuanzia. Wenye manyoya tele ni wa kindi, ambaye hutembea mchana. Anayekwaruza usiku wa manane huwa panya. Panya wa darini ana mkia mwembamba, karibu mtupu, unaozidi urefu wa kichwa na kiwiliwili pamoja. Masikio yake ni makubwa na pua imechongoka.

Kazi ipo mnyama akiwa mdogo: ni panya mdogo wa nyumbani aliyekomaa, au kinda la panya wa darini? Ukubwa pichani hudanganya. Tazama uwiano: kinda lina kichwa na nyayo za nyuma kubwa kupita mwili wake, yule mwingine ana uso mdogo, masikio yakionekana kumzidi.