Saa Mbili ya Nani?

Mhudumu wa hoteli huko Paje, Unguja, anataka kumwandikia meneja wake asiyejua Kiswahili: "Mgeni wa chumba namba 8 ataondoka saa mbili asubuhi. Ameomba kuamshwa mapema." Mtandao umekatika, ila simu yake ina programu ya tafsiri yenye kifurushi cha Kiswahili alichokipakua.

Vifurushi hivyo ni vidogo mno ukilinganisha na kazi yake. Mwaka 2018, Google ilipoleta tafsiri ya mitandao ya neva isiyohitaji intaneti, kila lugha ilichukua kama megabaiti 35 hadi 45. Ili mfumo utoshe kwenye simu, mamilioni ya namba zinazouongoza hupunguzwa na kukadiriwa. Sentensi za kila siku huvumilia hasara hiyo, lakini zenye utata huyumba zaidi.

Basi simu inaweza kumpa hii:

"The guest in room 8 will leave at two in the morning. He has asked to be woken early."

Sentensi imenyooka, lakini ina makosa mawili. "Two in the morning" ni saa nane usiku, na huyo mgeni ni mwanamke, wala si "he".

Wengi wetu tumezoea kuhakiki kwa kuirudisha tafsiri kwenye Kiswahili. Hapa njia hiyo inadanganya, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. "Two" huweza kurudi kuwa mbili na "morning" kuwa asubuhi. "He" na "she" zote hurudi kuwa ile "a-" ya "ameomba", maana Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. Hapo mhudumu ataona sentensi yake ileile, aridhike, atume.

Dawa iko kwenye sentensi ya mwanzo. Aandike saa kwa tarakimu, kama Waingereza wanavyoihesabu: 8:00 AM. Kisha ataje kwamba mgeni ni wa kike, na aunganishe sentensi mbili kuwa moja, kwa sababu programu nyingi hutafsiri sentensi mojamoja na kusahau iliyotangulia. Bado aitafute "she" kwa macho yake kabla ya kutuma.

Kwa neno mojamoja, kamusi ya simuni ni bora, mradi ajue pa kutafuta. Akiandika "kuamshwa" huenda asipate kitu, kwani kamusi nyingi huorodhesha vitenzi kwa shina. Aondoe "ku-" ya mwanzo, kisha "-w-" ya kutendwa, abaki na "amsha". Nayo isipokuwapo, aende kwa mama yake, "amka". Hapo atakuta "wake up", na mfano wa sentensi ukiwepo utamwonyesha kwamba "up" hutembea: "wake her up", mgeni akiwa katikati.

Haya yote ayajaribu akiwa bado na Wi-Fi karibu, simu ikiwa katika hali ya ndege. Kama kifurushi hakikukamilika kupakuliwa, programu itagoma hapohapo, wakati bado anaweza kukipakua upya.